Karatasi ya Stradivarius ndani ya fidla ya babu

Swali: "Shikamoo fundi. Marehemu babu yangu alikuwa akipiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Tanga, na sanduku lake limeniangukia mimi. Nimechungulia ndani kwa tochi ya simu nikaona karatasi imeandikwa *Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721*. Nimesoma mtandaoni kwamba Stradivarius ya mwaka huohuo iliuzwa zaidi ya dola milioni 15. Kuna mtu nilimtumia picha ya karatasi, anasema ni ya kweli kabisa, ila nimlipe kwanza dola 300 za cheti. Nakutumia picha tatu: karatasi, fidla kwa mbele, na kichwa chake. Halafu mjomba naye ana tarumbeta iliyoandikwa Stradivarius. Hizi ni za mtu mmoja?"

Jibu: Marahaba mwanangu. Hizo dola 300 usizitume. Fidla ya babu haikutoka mikononi mwa Stradivari, yule fundi wa fidla ambaye jina lake kwa Kilatini huandikwa Stradivarius. Kwa ninavyoiona ni kazi ya Saksonia, mashariki ya Ujerumani, au ya Bohemia, ng'ambo tu ya mpaka, Ucheki ya leo, na umri wake ni kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na Vita vya Pili vya Dunia. Hayo nimeyasoma kwenye picha ya pili na ya tatu. Ile ya karatasi, ambayo ndiyo pekee uliyompa mwenzako huyo, ingekuja peke yake nisingekuwa na la maana la kukuambia kuhusu fidla yenyewe.

Antonio Stradivari aliishi na kufanya kazi Cremona, kaskazini mwa Italia, hadi alipofariki mwaka 1737. Ala zake zilizobaki duniani zinakadiriwa kuwa kama 650, na karibu zote zina wenyewe wanaojulikana, picha zake ziko kwenye kumbukumbu, na mpaka michirizi ya mbao zake za mgongo wataalamu wanaitambua. Zenye jina lake ndani hakuna anayeweza kuzihesabu. Sababu ni kwamba kuanzia karne ya 19 miji michache ya Ulaya iligeuza utengenezaji wa fidla kuwa biashara ya wingi: Mirecourt kule Ufaransa, Mittenwald kusini mwa Ujerumani, na zaidi ya yote Markneukirchen huko Saksonia pamoja na vijiji vya Bohemia vilivyopakana nao. Humo familia moja ilichonga vichwa na shingo tu mwaka mzima, nyingine mabamba, nyingine ikatengeneza pinde, kisha mfanyabiashara akakusanya vipande, vikaunganishwa, vikapakwa vanishi na kupakiwa kwenye makasha. Mji ulikuwa mdogo, lakini mzigo uliokwenda Marekani ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kuanzia 1893 hadi 1916 Marekani ilikuwa na ubalozi wake mdogo hapohapo Markneukirchen.

Fidla hizo ziliuzwa kwa dola chache, nyingine kwa posta kupitia katalogi za maduka kama Sears, Roebuck. Ndani zilibandikwa jina la Stradivari, au la mafundi wengine mashuhuri wa zamani, Guarneri, Amati au Stainer, kueleza umbo lililofuatwa. Mnunuzi wa wakati ule alijua. Jezi yenye jina la Messi mgongoni haikuambii kwamba Messi aliivaa, na muuza jezi hakudanganyi kwa kukuuzia. Udanganyifu huja baadaye, kitu kikishahama mikono mara tatu nne, aliyejua bei yake ya mwanzo akafa, na mrithi akabaki na karatasi.

Tuje kwenye karatasi yako. Mwaka 1721 umekupeleka moja kwa moja kwenye ile fidla iitwayo Lady Blunt, ambayo kweli ni ya 1721 na kweli iliuzwa na nyumba ya mnada ya Tarisio mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9, fedha zikaenda kusaidia waathirika wa tetemeko na tsunami ya Japani. (Jina ni la Lady Anne Blunt, Mwingereza aliyefuga farasi wa Kiarabu na kufia Cairo mwaka 1917.) Waliotoa fedha zile hawakutegemea picha ya karatasi. Walijua nani aliimiliki baada ya nani tangu ilipopitia mikono ya Vuillaume, fundi na mfanyabiashara wa Paris, na tena ilikuwa imepigwa kidogo mno, alama za zana za Stradivari na vanishi yake bado zinaonekana. Karatasi ya ndani ilikuwa ushahidi mmoja tu, tena si mkubwa.

Sasa angalia jina lenyewe lilivyopigwa chapa kwenye karatasi ya babu. Imeandikwa Stradivarius, kwa V. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake mzee yule alitumia karatasi zilizosomeka *Stradiuarius*, kwa U. Ile ya V aliianza kuelekea mwaka 1730. Kwa hiyo karatasi ya 1721 yenye V inajipinga yenyewe. Tarakimu nazo: yeye aliziandika za mwisho kwa mkono, kwa wino. Zako zote nne zimepigwa chapa, zimekaa sawasawa kwenye mstari mmoja. Usinielewe kwamba ingekuwa na U na wino wa mkono basi ungekuwa tajiri. Wachapaji wa nakala wengine walikuwa makini, wakaiga hata hayo. Dosari kwenye karatasi inaweza kukataa. Ukamilifu wake hauwezi kukubali.

Hapa ndipo picha inapowaponza watu. Ukiangalia karatasi kupitia tundu la fidla, maswali ni matatu na kila moja linasimama peke yake: karatasi hii ni ya zamani? Ilipigwa chapa na aliyetajwa? Na ni yeye aliyeibandika ndani ya fidla hii? Picha ya simu haijibu hata la kwanza. Chai ya rangi inazeesha karatasi kwa dakika tano, na kamera ya simu hurekebisha rangi na mwanga yenyewe, kiasi kwamba karatasi nyeupe ya jana ikipigwa tochi ya manjano gizani inatoka kama ya enzi za Sultani. Picha haikuonyeshi kama herufi zimeukandamiza uso wa karatasi, kama zinavyofanya za chapa ya risasi, au zimelala juu tu kama za printa. Haikuonyeshi kama karatasi inang'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno, dalili kwamba ina kemikali ya kung'arisha ambayo viwanda vya karatasi vilianza kuitumia kwa wingi katikati ya karne ya 20. Tena picha ya karatasi peke yake haithibitishi hata kwamba karatasi hiyo imo ndani ya fidla unayouziwa.

Lakini tuseme umepata karatasi halisi ya Stradivari, imechunguzwa, ni yake. Bado swali la tatu lipo palepale. Fidla hugandishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, na karatasi vilevile. Gundi hiyo inalainika kwa unyevu na joto kidogo tu, ndiyo maana fundi anaweza kuifungua fidla ya miaka mia tatu akaifunga tena bila kuiharibu. Kwa sababu hiyohiyo karatasi nayo inatoka. Na kwa vile huwekwa chini ya tundu la kushoto ili isomeke, inafikika kwa tundu hilohilo: kitambaa chenye unyevu kwenye ncha ya waya, kusubiri kidogo, kisha kibanio. Fidla haifunguliwi hata kidogo. Katika biashara hii karatasi zimehamishwa kwa karne mbili sasa. Iliyovunjika isitengenezeke hutolewa karatasi, ikapewa fidla nyingine nzuri isiyo na jina, na ya Mwitaliano asiyejulikana hufichwa chini ya jina la Mwitaliano anayejulikana. Mimi nikiletewa ala, karatasi huisoma mwisho, nikishamaliza kuitazama mbao.

Tuitazame basi. Kwenye picha yako ya pili, pembeni mwa kishikio cha nyuzi, kuna sehemu ambayo kidevu cha babu kimekaa miaka. Vanishi imelika mpaka mbao imebaki wazi. Sasa fuata ile mistari miwili myeusi inayozunguka ukingo wote wa fidla. Kwenye fidla iliyotengenezwa kwa uangalifu ile si mistari ya kuchora: ni vibao vitatu vyembamba, cheusi, cheupe na cheusi, vilivyozamishwa kwenye mfereji uliochimbwa kwenye bamba. Kazi yake ni kuzuia ufa wa ukingoni usiingie ndani. Jasho halivifuti. Kwako mistari inakuja vizuri ikitokea juu, ikifika penye kidevu inafifia, inapotea, kisha inaanza tena vanishi inapoanza. Ilichorwa kwa wino juu ya mbao. Stradivari hakufanya hivyo, na wala fundi mzuri wa Markneukirchen hakufanya hivyo kwenye fidla za daraja la juu. Ni dalili ya fidla ya bei ya chini ya viwanda vile.

Picha ya tatu, ya kichwa, inasema jambo kubwa zaidi. Wakati wa Stradivari shingo ya fidla ilikuwa fupi kidogo na haikuinamishwa nyuma kama ya leo. Kuanzia karibu na mwaka 1800 wapigaji walitaka sauti kubwa na nyuzi zenye mvuto zaidi, kwa hiyo karibu fidla zote za thamani zikabadilishwa shingo. Kichwa cha asili hakitupi mtu, kwa kuwa uchongaji wake ni kama sahihi ya fundi, basi mafundi walikikata kwenye kisanduku cha vigingi na kukiunga kwa shingo mpya. Kiungo hicho huacha mstari unaoonekana pande zote mbili za kisanduku, chini kabisa, na mwingine nyuma karibu na koo. Kwa fidla inayodai kuwa ya 1721, shingo ikiwa ya urefu na mwinamo wa kisasa na mstari huo haupo, ni ubao mmoja kutoka msokoto wa kichwa hadi chini, basi ilichongwa hivyo tangu siku ya kwanza, baada ya mabadiliko yale. Yako iko hivyo. Michirizi ya mbao inateremka kutoka kichwani hadi shingoni bila kukatika popote.

Hata hili nalo lina mtego wake. Wapo waliokwaruza mstari wa uongo kwa ncha ya kisu ili ionekane kuna kiungo. Ukikutana nao, tazama michirizi: kwenye kiungo cha kweli mbao mbili tofauti zinakutana na michirizi haiendelei, kwenye cha uongo inapita chini ya mkwaruzo kana kwamba haukuwepo.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo unaweza kuyakagua mwenyewe bila kufungua kitu. Tafuta kioo kidogo cha daktari wa meno na kitaa chembamba, ukiingize kwa upole kwenye tundu la upande wa uzi mnene, uangalie chini ya bamba la juu. Utaona ukingo mrefu wa mbao unaokwenda na urefu wa fidla. Katika kazi nzuri huo ni ubao wa peke yake uliogandishwa, na utaona ulipokutana na bamba. Katika fidla za haraka za Saksonia fundi alikwepa kazi hiyo: alipokuwa akichimba bamba aliacha sehemu moja bila kuichimba, ikawa ndiyo ukingo. Hapo hakuna kiungo, na kandokando yake utakuta mbao imekwaruzika, alama za patasi hazikusuguliwa, kwa kuwa mnunuzi hatafika huko. Ninategemea uone hivyo.

La pili ni mstari wa chini wa karatasi yako. Kwenye picha ukingo wa tundu umeuficha. Sogeza simu uupate. Sheria ya Uingereza ya 1887 na ya ushuru ya Marekani ya 1890 zilifanya bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, ndiyo maana chini ya Kilatini chote kile mara nyingi hukaa maneno madogo *Germany* au *Made in Germany*. Ikiwa imeandikwa *Czecho-Slovakia* ni rahisi zaidi, maana nchi hiyo ilizaliwa 1918. Na ukikuta karatasi imekatwa kwa mkasi chini ya mwaka, pengo dogo, huku pande nyingine tatu zina mpaka uliochapwa, basi kuna mtu kabla yako aliyeyaona maneno hayo na hakuyapenda.

Utaniuliza kuhusu cheti, kwa kuwa vyeti vipo kweli. Cheti ni maoni, na thamani yake ni ya anayeyatoa. Dietmar Machold alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa fidla duniani, duka lake Vienna, na neno lake mabenki yaliliamini. Alipeleka benki fidla mbili kama dhamana ya mkopo, akazieleza kuwa za Stradivari. Zilipochunguzwa zilikuwa fidla za kawaida, thamani yake maelfu machache ya yuro. Mwaka 2012 mahakama ya Vienna ilimhukumu kifungo cha miaka sita. Aliyezitathmini alikuwa ndiye mwenye kufaidika nazo. Huyo wako ana kasoro hiyohiyo kwa kipimo kidogo: hajaishika fidla, ameona karatasi tu, na analipwa akisema ndiyo.

Njia ya kweli ni ya taratibu na hatua ya kwanza haina gharama. Nyumba kubwa za mnada wa ala hupokea picha na kutoa maoni ya awali bila malipo. Piga mchana kivulini, bila flashi, simu ikiwa wima mbele ya fidla: mbele nzima, mgongo mzima, ubavu, kichwa kwa pande zote nne, na pembe moja kwa karibu. Karatasi iwe ya mwisho, au usiitume kabisa, watu wa kazi hiyo hawataikosa. Fidla ikionyesha dalili ya maana ndipo huomba waione kwa macho, na wakati mwingine hupimwa miaka ya mti: pete za bamba la juu hulinganishwa na za miti ya milima ya Alpi ambayo miaka yake inajulikana. Kipimo hicho nacho kinajua kitu kimoja tu. Pete ya mwisho ikiwa ya 1850, fidla haiwezi kuwa ya 1721. Ikiwa ya 1687, kama ilivyokuwa kwa ile fidla iitwayo Messiah iliyoko makumbusho ya Ashmolean, Oxford, baada ya wataalamu kubishana kama kweli ni ya Stradivari, inaondoa pingamizi la umri bila kutaja aliyeichonga. Kwa fidla ya babu nisingelipia kipimo hicho. Gharama ingeizidi thamani ya fidla.

Tarumbeta ya mjomba haina undugu na Cremona. Stradivari hakutengeneza tarumbeta. Vincent Bach, mpigaji aliyegeuka mtengenezaji, alianza kutengeneza tarumbeta New York miaka ya 1920 na akaipa bora yake jina la Stradivarius kwa kulitukuza. Kampuni aliiuza kwa Selmer mwaka 1961, na tarumbeta hizo bado zinatengenezwa Elkhart, Indiana. Ikiwa ya mjomba ni Bach ya kweli, basi kati ya vitu viwili mlivyonavyo hicho ndicho chenye pesa.

Kwa ala za shaba hakuna karatasi ya ndani, jina huchorwa kwenye mdomo wa kengele, na udhaifu ni uleule. Kengele imeshikwa kwa risasi, fundi anaibandua na kuweka nyingine, na ndiyo sehemu inayopondeka kuliko zote. Halafu kuna bandia zinazotoka kiwandani na jina lote limeshachorwa. Mwambie mjomba asome nambari iliyopigwa kwenye silinda ya vali ya kati, ndiyo inayolinganishwa na orodha za kampuni. Akikuta nambari hiyohiyo kwenye tangazo la tarumbeta nyingine, jibu analo. Kisha aielekeze kengele kwenye dirisha achungulie ndani yake. Kengele ya Stradivarius ya Bach hukunjwa kwa bati moja, hivyo kiungo chake, kikionekana, kinakwenda kwa urefu. Akiona duara linalozunguka pale kengele inapoanza kupanuka, hiyo ni ya vipande viwili, mara nyingi kazi ya bei rahisi. Atazame pia vishikizo vinavyounga kengele na mwili: risasi iliyomwagika nje na rangi iliyoungua maana yake kengele imewahi kubanduliwa. Mwili unaweza kuwa Bach na kengele isiwe, au kinyume chake.

Fidla ya babu ikiwa nzima, bila ufa kwenye bamba, ni ya dola mia chache. Usikaze nyuzi kwanza. Tikisa polepole usikilize: ukisikia kitu kinabingirika, ni kile kijiti kinachosimama ndani chini ya kidaraja, kimeanguka, na nyuzi zikikazwa bila hicho bamba linaweza kuzama. Nitumie picha ya kidaraja kutokea ubavuni na nyingine ya tundu la kulia, nione kama bado kimesimama, kabla hujampelekea mtu yeyote kuitia nyuzi mpya.